Video ya bidhaa: kikapu kionekane kilivyo

Nauza vikapu vya ukili hapa Majengo, Dodoma. Wateja wa Dar wakipokea mzigo wanalalamika kwamba kikapu ni kidogo kuliko walivyokiona kwenye video. Sijadanganya kitu. Kosa liko wapi?

Uko karibu mno na kikapu. Kamera hukuza kilicho mbele yake na kupunguza kilicho nyuma, na kadiri unavyosogea ndivyo tofauti inavyozidi. Chukua mfano umesimama na simu juu ya kikapu, sentimita 30 kutoka mdomoni, na kitako kiko sentimita 60. Mdomo utaonekana mara mbili ya kitako hata kama vina upana mmoja, na mteja atadhani ananunua kapu la gulio.

Weka kikapu mezani, rudi nyuma mita moja na nusu, kisha ukuze picha kwa kubonyeza 2x kama simu yako ina kitufe hicho. Lenzi iwe usawa wa tumbo la kikapu, si juu yake. Kutoka hapo upande wa mbele na wa nyuma wa kikapu hutofautiana kidogo sana. Kitufe cha 0.5x kiache kabisa kwa kazi hii, kwa sababu kinakuvuta usogee ili kikapu kijae kwenye kioo, na kusogea ndiko kunakoharibu.

Baada ya hapo ingiza futikamba ya fundi cherehani, na hapa wengi huteleza bila kujua. Futikamba lazima iguse kikapu chenyewe, mahali panapopimwa. Tuseme mdomo una sentimita 36 na uko sentimita 60 kutoka kwenye simu. Ukishika futikamba hewani sentimita 10 mbele ya mdomo, picha itasoma sentimita 30. Ukiitandaza sentimita 10 nyuma yake, itasoma 42. Kikapu ni kilekile, futikamba ni ileile, na vipimo viwili vyote ni vya uongo. Kwa hiyo pitisha futikamba juu ya mdomo, ukingo hadi ukingo, sifuri ionekane upande mmoja na namba ya mwisho upande wa pili, tulia sekunde tatu, na utamke namba hiyo kwa sauti.

Vipimo vitatu vinatosha: upana wa mdomo, kimo cha kikapu bila mikono, na urefu wa mkono kutoka ukingoni hadi kileleni. Usivijumlishe viwili vya mwisho. Kikapu chenye kimo cha sentimita 28 kikisemwa kina 50 kwa sababu mikono imehesabiwa, mteja atajaza vitu vya 50 kichwani mwake. Pia weka kando ya kikapu kitu ambacho hakibadiliki ukubwa. Karatasi ya A4 ni nzuri, maana popote ilipo ina sentimita 21 kwa 29.7. Kiganja hakifai, kila mtu ana chake.

Na kwa kuwa ukili husukwa kwa mkono, vikapu kumi vya fungu moja havilingani. Pima kilicho kidogo kuliko vyote na kikubwa kuliko vyote, useme wazi: "Mdomo ni sentimita 36 hadi 39." Mteja akipata cha 36 hatakuwa na neno.

Kikapu kina mistari ya zambarau lakini kwenye video inatoka bluu. Napigia video kibandani, mchana. (Chamwino)

Tazama juu yako kwanza. Kama kibanda kimefunikwa turubai la bluu, kila kilicho chini yake kimepakwa bluu na mwanga wenyewe. Ardhi yetu nyekundu nayo hufanya hivyohivyo kutoka chini, hasa kikapu kikiwekwa mavumbini. Toka nje, kaa upande wa kivuli wa nyumba mahali anga linapoonekana, weka kitambaa cheupe chini ya kikapu, na upige saa tatu asubuhi au saa kumi jioni. Jua la saa sita hapa liko karibu utosini: mdomo wa kikapu utang'aa na tumbo litakuwa giza.

Weka karatasi nyeupe pembeni mwanzoni mwa video. Ikionekana ya samawati au ya njano, rangi ya kikapu nayo imehama, anza upya. Kisha bonyeza kikapu kwenye kioo na ushikilie kidole mpaka alama ya kufuli itokee (kwenye iPhone utasoma AE/AF LOCK). Bila kufuli, mkono wako ukipita mbele ya lenzi kamera hupima mwanga upya na kikapu hung'aa au kufifia katikati ya video. Vichujio vya urembo zima vyote, maana hulainisha ukili kama vinavyolainisha uso.

Zambarau, hata ukifanya yote haya, ni rangi ngumu kwa kamera za simu. Ikigoma, sema tu: "Kwa macho mstari huu ni zambarau ya ganda la biringanya." Maneno hayo ni ya kweli kuliko kuikoroga rangi baadaye kwenye programu ya kuhariri.

Mikono ya vikapu vyangu ni ngozi halisi lakini watu hawaamini. Nionyeshe nini? (Kongwa)

Onyesha ukingo uliokatwa, halafu mgongo wa ngozi. Chukua kipande kilichobaki wakati wa kukata mikono hiyohiyo, kigeuze polepole mbele ya lenzi kwa sentimita 15 hivi, kwenye mwanga unaotoka ubavuni. Ukikaribia zaidi ya hapo simu nyingi hushindwa kuona vizuri na picha huwa na ukungu, kwa hiyo baki hapo na utumie 2x. Ngozi inaonyesha nyuzinyuzi zilizojipanga ovyo kutoka juu hadi chini, bila mpaka. Ngozi ya plastiki ikikatwa utaona tabaka mbili: utando laini juu, kitambaa cha kufumwa chini, wakati mwingine na povu katikati. Kunja kipande hicho pia, ili mikunjo midogo ionekane ikitokea na kufifia.

Lakini jihadhari na unachodai. Ipo ngozi ya tabaka la chini iliyopakwa plastiki usoni, ambayo mgongo wake una nyuzinyuzi za kweli kabisa. Mgongo peke yake hautoshi. Kama hukununua ngozi kwa fundi unayemjua, sema unachokiona, "mgongo ni ngozi, uso umepakwa rangi", na usiende mbele ya hapo.

Kama kikapu kina bitana, igeuze nje. Kusema "pamba" ni rahisi, kuionyesha ni kuchomoa uzi mmoja, kuushika kwa kibano juu ya kisosi na kuuwasha. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu mepesi yanayosagika. Poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha shanga ngumu nyeusi. Uzi ukifanya yote mawili, kitambaa ni mchanganyiko, na hilo ndilo la kusema.

Nataka kuonyesha kikapu kinabeba mzigo, lakini wanasema video za hivyo ni maigizo. (Kondoa)

Watu hutilia shaka pale video inapokatwa. Ukionyesha mizani, ukakata, halafu mtu amebeba kikapu, hapo katikati ungeweza kutoa nusu ya mzigo. Piga yote kwa mkupuo mmoja: kikapu kitupu kwenye mizani, mizani isomeke, mimina viazi au pakiti za unga wa mtama mpaka ifike, tuseme, kilo 8, inua kwa mikono yake, hesabu hadi kumi, tembea hatua kadhaa, rudi. Hatua ni muhimu kwa sababu mwendo huvuta mikono kuliko kusimama tu.

Ukirudi, sogeza kamera kwenye maungio ya mkono na ukili, mzigo ukiwa bado umening'inia. Hapo ndipo mnunuzi mzoefu anapotazama. Tundu la sindano likiwa limebaki duara, mshono unashika. Likiwa limevutika na kuwa kama chozi, na uzi umeanza kuzama kwenye ukili, mzigo umezidi hata kama kikapu hakijakatika. Shusha, upime upya kwa kilo 6. Ukili utalia kidogo unapobeba, hilo ni la kawaida, acha sauti hiyo isikike.

Sema pia mpaka wa jaribio lako: "Hiki nimekijaribu kwa kilo 8 leo." Usiseme "kinabeba kilo 8 kila siku", hujakiona mwaka mzima. Na kitako kikivimba chini kwa sentimita mbili kikiwa kimejaa, kipime kikiwa hivyo.

Video nzima iwe ya muda gani? (Mpwapwa)

Sekunde 40 hadi 50. Kikapu kizima kikizunguka, sekunde 6. Vipimo vitatu, 12. Ukingo wa ngozi na ndani ya kikapu, 10. Mzigo unapata zinazobaki, na kama kujaza kunachukua muda mrefu, pima viazi vikiwa tayari kwenye mfuko mmoja ili uvishushe mara moja mbele ya kamera.

Ukili umepauka sehemu moja kitakoni. Nikionyesha si nitakosa mteja? (Manyoni)

Onyesha, na uipe sekunde tatu zake. Gusa mahali hapo kwa kidole, taja ukubwa wake, na useme kama kuna uzi uliokatika au ni rangi tu. Kuficha kuna sura ya kisheria vilevile: Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mnunuzi. Ila zaidi ya sheria, mtu aliyekwishaliona doa kwenye simu yake halirudishi kikapu kwa sababu ya doa.

Upepo unafunika sauti yangu. (Dodoma)

Geuza mgongo upande upepo unakotoka, ili mwili wako uikinge simu, na ukae ndani ya pembe ya kuta mbili. Kipaza sauti cha simu nyingi kiko chini, karibu na tundu la chaji, usikizibe kwa kiganja wala usikielekeze upepo. Ikishindikana, rekodi maelezo chumbani chenye pazia na godoro kisha uyaunganishe, lakini sehemu ya mzigo iache na sauti yake. Vyovyote vile andika vipimo kwenye kioo, maana wengi hutazama sauti ikiwa imezimwa.

Kwangu video ni safi, ikifika kwa mteja kwa WhatsApp ina ukungu na namba za futikamba hazisomeki. (Singida)

WhatsApp huibana video ili iwe nyepesi. Kabla ya kutuma, bonyeza HD juu ya kioo, au itume kama Document, ambayo huenda jinsi ilivyo. Lakini video ya 1080p mara nyingi hula MB 60 hadi 130 kwa dakika, na mteja ndiye anayelipia bando la kuipakua. Afadhali umtumie video iliyobanwa pamoja na picha moja ya kila kipimo, zikiwa zimepigwa mahali palepale. Kabla ya hapo itume kwenye simu ya jirani, ile ya bei ndogo yenye kioo kidogo, umwombe asome namba ya mdomo wa kikapu kwa sauti. Akisoma tofauti na uliyoipima, rudia sehemu ya futikamba tu, safari hii ukiwa umeisogelea namba yenyewe.