Wiki ya tatu na bado najiona tapeli

"Niko mafunzoni kazini wiki ya tatu. Msimamizi akinipa kazi moyo unadunda, naona watagundua sijui kitu. Nifanyeje?"

Pole ndugu. Mimi nilikaa siku nzima na jedwali la mauzo, jumla inagoma, naona aibu kuuliza. Kumbe safu moja ilisomwa kama maandishi, si namba. Msimamizi aliiona kwa dakika mbili (nilitamani ardhi inimeze).

Tangu hapo nikajiwekea nusu saa. Ikipita nimekwama, naandika nilichojaribu, ndipo naenda. "Nimekagua safu zote, ya tano haijumlishiki" husikika tofauti kabisa na "sielewi". Ila kitu kinachoweza kufuta data au kumfikia mteja, usisubiri nusu saa, uliza kabla hujagusa.