Bidi bondi, pafomansi garantii na fremwek: tuziandikeje kwenye faharasa?

Swali: Kaka, mimi niko kitengo cha ununuzi halmashauri, nimepewa kazi ya kuandaa faharasa ya maneno ya ununuzi kwa Kiswahili kwa ajili ya wenzetu wa idara nyingine na kamati za shule. Nimekwama kwenye bidi bondi, pafomansi garantii na fremwek agrimenti, kila niliyemuuliza ananipa tafsiri yake. Nichague ipi?

Jibu: Dada, hongera na pole kwa hiyo kazi. Kabla ya kuchagua jina chukua Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya 2023 na kanuni zake, fungua na nyaraka za zabuni mnazotumia, uone neno gani limeshaandikwa humo. Kama lipo, ndilo hilo hilo, hata kama wewe una zuri zaidi, maana mtu atasoma faharasa yako asubuhi na mchana anafungua zabuni, akikuta majina mawili atadhani ni vitu viwili. Lile zuri lako liweke chini ya ingizo kama jina jingine, basi.

Ila jina ni kazi ndogo, kinachoumiza watu ni maelezo yanayofuata jina. Nakupa mfano wa bidi bondi, ambayo wengi tunaiita dhamana ya zabuni. Nimeona rasimu moja imeandika "ni fedha ambayo taasisi itaichukua endapo mzabuni atashindwa". Sasa mwenyekiti wa kamati ya shule akisoma hapo anaelewa nini? Kwetu kushindwa ni kutoweza, na kushindwa pia ni kukosa ushindi, kwa hiyo atasema waliokosa zabuni wote wanapoteza dhamana zao, wakati ukweli ni kinyume kabisa, wao ndio wanarudishiwa. Andika tendo lenyewe: dhamana inachukuliwa mzabuni akiondoa zabuni yake wakati bado iko hai, au akishapewa ushindi akakataa kusaini mkataba, au akasaini ila hakuleta dhamana ya utekelezaji. Neno "atashindwa" lifute kwenye faharasa nzima, tafuta ukurasa kwa ukurasa.

Pafomansi garantii iite dhamana ya utekelezaji wa mkataba, na usikate hayo maneno ya mwisho. Ukisema dhamana ya utendaji, mtumishi wa umma anafikiria tathmini ya utendaji kazi, zile fomu za kila mwaka. Ukisema ya ufanisi ndo kabisa, ufanisi ni kufanya vizuri na kwa wepesi, mkataba unadai tu kilichoandikwa kifanyike.

Shida kubwa ni kwamba zote mbili zinaanza na dhamana, na ofisini watu wanafupisha. Niliwahi kufanya kazi sehemu moja tukanunua madawati, tuchukulie mkataba ulikuwa wa shilingi 100,000,000, dhamana ya zabuni shilingi 2,000,000 na ya utekelezaji asilimia 10, yaani 10,000,000. Msambazaji akasaini mkataba Jumatatu, afisa wetu akaandika dokezo kwa mhasibu "mrudishieni dhamana yake, ameshasaini". Mhasibu akafungua sefu akakuta bahasha moja tu yenye neno dhamana, akaitoa, kazi imekwisha. Kumbe ile ya milioni 10 haijaletwa bado! Kwa mshindi, dhamana ya zabuni inarudishwa akishasaini mkataba NA akishaleta ya utekelezaji, yote mawili. Tulikaa wiki kadhaa tuna mkataba uliosainiwa na hatuna dhamana yoyote mkononi, na msambazaji alijua, simu akawa anapokea akitaka. Dokezo halikuwa na kosa la Kiswahili hata moja, ila faharasa ya ofisi ilikuwa imeeleza dhamana ni nini, haikusema inaisha lini.

Ndo maana kila ingizo la dhamana lijibu nani anatoa, nani anaishika, inaisha lini, inachukuliwa kwa sababu gani. Sentensi mbili tatu zinatosha, mfano hivi:

"Dhamana ya utekelezaji wa mkataba: ahadi ya maandishi ya benki au bima, inayoletwa na mzabuni aliyeshinda, kwamba taasisi italipwa hadi kiasi kilichotajwa asipotimiza mkataba. Taasisi huishika hadi muda uliotajwa kwenye masharti ya mkataba. Siyo dhamana ya zabuni, ambayo hurudishwa kwa mshindi baada ya hii kupokelewa."

Muda usiuweke namba moja kwa mikataba yote. Nyaraka sanifu za Benki ya Dunia za bidhaa, kwa mfano, zinasema irudishwe ndani ya siku 28 baada ya msambazaji kumaliza wajibu wake wote, pamoja na ule wa waranti, kwa hiyo madawati kufika stoo siyo mwisho. Kwenu soma masharti ya mkataba husika.

Kuhusu bondi na garantii usihangaike kuzitafutia majina mawili, zote ni dhamana. Tofauti inayokuhusu ni ya kwenye malipo. Ipo inayolipwa taasisi ikidai tu kwa maandishi, na ipo ya masharti, ambayo mtoaji anataka kwanza uthibitishe kosa na hasara, na za bima mara nyingi ziko hivyo. Ziandike kama maingizo mawili, dhamana ya kulipwa inapodaiwa na dhamana ya masharti, maana mtu akipokea ya pili akidhani ni ya kwanza atagundua siku anahitaji hela.

Fremwek ndiyo ngumu. Wengi serikalini wanaita mikataba maalum, na kama ndivyo ilivyo kwenye nyaraka zenu liache, ila jua kuna mtego: kila nyaraka ya zabuni ina Masharti Maalum ya Mkataba, mgeni ataona ni ukoo mmoja. Mkataba wa mfumo nao una mtego wake, siku hizi ukisema mfumo kila mtu anafikiria NeST, ule mfumo wa zabuni wa mtandaoni, atadhani ni mkataba wa kompyuta. Mimi binafsi napenda makubaliano mwavuli, liweke kama jina jingine. Muhimu maelezo yaseme kwamba hapa mmekubaliana bei na masharti kwa muda fulani na bado hamjanunua kitu, wajibu wa kulipa unakuja pale taasisi inapotoa oda chini yake. Bila hiyo sentensi mtunza stoo atasubiri mzigo ambao hakuna aliyeuagiza, na msambazaji atakuja na ankara ya kiasi chote kilichokadiriwa.

Ukimaliza rasimu usimuulize mtu "umeelewa?", atasema ndiyo. Mpe mhasibu, mtunza stoo na mjumbe mmoja wa kamati ya shule kisa kifupi: Juma ameshinda, amesaini jana, dhamana ya utekelezaji hajaleta, anaomba bahasha ya dhamana yake ya zabuni, utampa? Wakijibu tofauti rudi kwenye ingizo, kosa liko kwenye maandishi yako, usiwalaumu wao. Kwa fremwek waulize: makubaliano yanasema makadirio ni rimu 500 za karatasi kwa mwaka, tumeagiza 120, tunadaiwa ngapi? Jibu ni rimu 120 zikishapokelewa, isipokuwa makubaliano yenyewe yameweka kiwango cha chini cha kununua, na hicho nacho kiandike kwenye ingizo kwa sababu huwa kinafichama kwenye kifungu cha katikati.