Hiyo tatu ni ya nani?

*Shikamoo Mwalimu. Ninaandaa somo la Hesabu 1:46 kwa darasa la Biblia. Nimeweka Kiebrania kwa herufi zetu na chini yake Kiswahili neno kwa neno, nikakwama kwenye idadi. Neno la "elfu" limekuja mara mbili, kwanza umoja, kisha wingi, na "tatu" ina mkia ambao "sita" na "tano" hazina. Niandike "maelfu matatu"? Na kwenye tafsiri nitumie maneno au tarakimu? – Msomaji, Morogoro*

Marahaba. "Maelfu matatu" usiandike, hata kwenye mstari wa neno kwa neno. Maelfu kwa Kiswahili ni watu wengi ambao hakuna aliyejisumbua kuwahesabu, na hawa wa jangwa la Sinai walihesabiwa kabila kwa kabila. Andika "elfu", na ukitaka darasa lione kwamba Kiebrania kimebadili umbo, tia alama ndogo pembeni: (umoja), (wingi). Inatosha.

Mstari wenyewe, kwa herufi zetu, ni huu: *shesh meot elef ushloshet alafim vahamesh meot vahamishim*. Ukiufuata kama ulivyo unapata "sita mia elfu, na tatu elfu, na tano mia, na hamsini", yaani 603,550. Kuhusu ile elfu inayobadilika: Kiebrania kikihesabu kuanzia tatu hadi kumi hutaka kitu kiwe wingi, ndiyo maana tatu imefuatwa na *alafim*. Idadi ikipita hapo, maneno yanayohesabiwa kila siku, kama mtu, siku, mwaka na elfu, kwa kawaida hurudi umoja, na ndiyo maana mia sita imefuatwa na *elef*. Hakuna fumbo. Aliyekwambia kuna siri ya kiroho katika kuhama kutoka umoja kwenda wingi ndani ya mstari mmoja, mwombe akusomee 1:21, ambapo kabila la Reubeni lina "sita na arobaini elfu", elfu ya umoja, kwa sababu hiyo hiyo.

Mkia wa "tatu" nao una kanuni. Kiebrania kina jinsia: *elef* ni neno la kiume, *mea*, yaani mia, ni la kike. Namba tatu hadi kumi hufanya kinyume cha unavyotarajia. Zikihesabu neno la kiume huvaa mkia ambao kwenye maneno mengine ni alama ya kike, na zikihesabu la kike huuvua. Basi *shloshet* imevaa mkia kwa ajili ya *alafim*, na *shesh* na *hamesh* hazina mkia kwa ajili ya *meot*. Aliyepita madrasa hatashangaa, maana Kiarabu ni hivyo hivyo: *thalathatu alaf*, lakini *sittu mia*. Na sisi tuliochota sita, saba na tisa kwa Waarabu tulichukua zile zenye mkia, tukasahau kwamba ni mkia. Elfu na mia ni ndugu wa *elef* na *mea*, kwa hiyo nusu ya mstari wako unakaribia kusomeka bila kamusi.

Sasa tazama kilichofanyika hapo. Mstari unahesabu watu, lakini ile tatu haiwajali watu. Bwana wake ni elfu, na umbo lake limemfuata elfu. Kiswahili kina sheria hiyo hiyo, na watumiaji wake wameamua kuitupa jalalani.

Nasema hivi kwa sababu kila jioni nikiwasha redio nasikia kwamba watu ishirini na tatu wamejeruhiwa, wanafunzi kumi na mbili wamepata tuzo, wabunge thelathini na moja wamesimama kuchangia. Ishirini na *watatu*, jamani. Kumi na *wawili*. Thelathini na *mmoja*. Moja hadi tano, pamoja na nane, huvaa sare ya kitu zinachokihesabu, na kutanguliwa na kumi au ishirini hakuzivui sare hiyo. Hakuna anayesema "watu tatu wamejeruhiwa". Kwa nini basi watu hao hao watatu, wakiongezwa ishirini, wavuliwe utu?

Nikilalamika naambiwa kwamba lugha hubadilika na msikilizaji ameelewa. Ameelewa nini? Chukua harusi. Mwenye shughuli anampigia mpishi: "Wageni mia na watano." Mpishi anajua ni mia moja na watu watano juu yake, kwa sababu tano imevaa *wa-*, hivyo inahesabu wageni. Angesema "wageni mia tano", tano ingekuwa inahesabu mia, na mpishi angetafuta sufuria nyingine nne na mchele wa kutosha kata nzima. Tofauti kati ya watu 105 na watu 500 inabebwa na kile kijisauti *na* na ile silabi *wa-*. Sasa mpe simu kijana wa redio. Atasema "wageni mia na tano", silabi moja imeshaanguka, iliyobaki ni *na*, nayo kwenye simu mbovu inamezwa na upepo. Mpishi anasikia "wageni mia tano". Wali utakaobaki, apelekewe mtangazaji.

Walio upande wa pili ni wachache ila wananichosha vilevile: wale walioonywa shuleni mpaka wakaogopa, wakaanza kusema "watu elfu watatu". Hapana. Tatu hapo inahesabu elfu, kwa hiyo inabaki tupu: watu elfu tatu, watu mia mbili, watu elfu nane. Ukitaka kujua sare ni ya nani, uliza namba inajibu "ngapi" au "wangapi". Elfu ngapi? Tatu. Watu wangapi zaidi ya hizo elfu? Hao ndio wanaovaa *wa-*.

Rudi sasa Sinai, maana sheria hii ndiyo itakayokuokoa. Ukiandika "watu elfu mia sita na tatu", msomaji makini ataelewa 603,000, kwa kuwa watu watatu wa ziada wangekuwa "watatu". Kwa msomaji aliyezoea "watu kumi na mbili" sentensi hiyo inaweza kuwa 603,000 au 600,003, naye atachagua kwa bahati nasibu. Isitoshe, sheria yenyewe ina mpaka: sita, saba, tisa na kumi hazivai sare hata ukizilazimisha. "Watu elfu mia sita na saba" hainisaidii chochote, na "shilingi elfu mia sita na tatu" pia, kwa vile shilingi na elfu huvaa sare isiyoonekana. Dawa ni kumtaja elfu tena au kutumia laki, neno tulilopewa na wafanyabiashara wa Kihindi na ambalo baadhi ya wachungaji wanaliona la sokoni mno kwa Maandiko. Mimi silioni hivyo. "Watu laki sita na elfu tatu, mia tano na hamsini" inafuata Kiebrania hatua kwa hatua: *shesh meot elef* ni laki sita, *shloshet alafim* ni elfu tatu, kila kimoja mahali pake.

Kipimo kizuri zaidi kiko sura ya tatu, na ningekushauri ukiweke kwenye somo. Hesabu 3:43 inahesabu wazaliwa wa kwanza wa kiume: *shnayim veesrim elef, shlosha veshivim umatayim*. Mbili na ishirini elfu, tatu na sabini na mia mbili, yaani 22,273. Kiebrania hapa kimetanguliza namba ndogo, na katika Kiswahili utapanga upya bila kuomba radhi. Ila angalia: mbili iliyo na elfu inahesabu elfu, na tatu ya mwisho inahesabu wazaliwa wenyewe. Kwa Kiebrania jinsia haiwezi kukuonyesha tofauti hiyo, kwa kuwa elfu ni la kiume na mzaliwa wa kwanza pia ni wa kiume. Unategemea mpangilio tu. Kwa Kiswahili inasikika waziwazi: wazaliwa wa kwanza elfu ishirini na *mbili*, mia mbili sabini na *watatu*. Lugha yetu ina kifaa ambacho ile ya asili haina, halafu tunakiacha kipate kutu ili tufanane na redio.

Kuna swali moja ambalo mtu wa darasani kwako atauliza, hasa kama amesoma vitabu vya ufafanuzi. Atasema *elef* si lazima iwe elfu, kwamba huweza kuwa ukoo au kikosi, kama pale Gideoni anapolalamika katika Waamuzi 6:15 kuwa *elef* yake ni dhaifu kuliko zote katika Manase. Ni kweli, maana hiyo ipo, na wapo wataalamu wanaosoma Reubeni kama vikosi 46 vyenye watu 500. Umoja wa *elef* hauwezi kuamua shauri hilo, kwani baada ya 46 neno lingekuwa umoja kwa maana yoyote. Kinachoamua, kwa mstari wako, ni kujumlisha. Panga makabila 12 ya sura ya kwanza, ujumlishe elfu peke yake na mabaki peke yake. Utapata elfu 598 na mabaki 5,550. Mwandishi wa 1:46 hakuandika vikosi 598 na watu 5,550. Alichukua 5,000 kutoka kwenye mabaki, akazihamishia upande wa elfu, akapata 603. Kwake yeye *elef* ilikuwa elfu ya kuhesabu. Kikosi kiweke kwenye tanbihi, "elfu" ibaki kwenye matini.

Kuhusu maneno au tarakimu: Kiebrania cha mstari huu kimeandika idadi kwa maneno, na kutumia herufi kama tarakimu ni desturi ya baadaye, kwa hiyo usiipambe karatasi yako kwa alefu na beti. Kwa matini itakayosomwa kwa sauti, andika maneno kisha tarakimu kwenye mabano. Ukiacha tarakimu peke yake, msomaji wa zamu Jumapili atafika 22,273, atashusha pumzi, na atakachotamka mwishoni ni "sabini na tatu". Mwandikie "watatu" aisome apende asipende. Na katika 1:45 utakuta umri umeandikwa "mwana wa ishirini mwaka", mwaka wa umoja, kwa kanuni ile ile ya *elef*. Weka "miaka ishirini" na usiwaeleze mpaka waulize.