Mpe rafiki barua yako aisome kama mgeni, kisha akueleze alichoelewa

Kwa muda mrefu majirani na ndugu wamekuwa wakiniletea barua zao za madai na za kujieleza kazini ili nizitazame kabla hazijapelekwa, na nimejifunza kwamba mimi mwenyewe si msomaji mzuri wa barua hizo. Mwenye barua huwa ameshanisimulia kisa chote kabla sijafungua bahasha, hivyo ninaposoma najaza mapengo kwa yale niliyoyasikia. Anayefaa ni mtu wa tatu, anayeaminika kutunza siri lakini asiyekijua kisa, ambaye ataisoma karatasi kama atakavyoisoma meneja ambaye hajawahi kumwona mwandishi.

Nitatoa mfano wa binamu yangu, mtunza stoo katika duka moja la jumla jijini Dar es Salaam, ambaye tangu Machi hadi mwisho wa Mei alibakizwa kazini baada ya muda wake bila kulipwa chochote zaidi ya mshahara. Aliandika barua iliyobeba kichwa cha habari "YAH: MALALAMIKO YANGU", na aya yake kuu ilisomeka hivi:

"Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mfanyakazi wako wa muda mrefu na nimekuwa nikijituma. Kuanzia mwezi wa tatu niliambiwa niwe nabaki baada ya kazi na niliahidiwa kuwa nitafikiriwa. Msimamizi alimwambia mhasibu kuwa ameshaandika saa zake zote, lakini mpaka leo hakuna kilichofanyika. Naomba suala hili liangaliwe kwa jicho la huruma."

Kiasi anachodai kilikuwa kwenye karatasi ya pili, chini ya jedwali la saa.

Tulimpelekea barua hiyo rafiki yake, fundi cherehani wa mtaa wa pili, ambaye alijua tu kwamba binamu yangu anafanya kazi dukani. Namna ya kumwomba ndiyo inayoamua kama utapata kitu cha maana. Ukimwuliza rafiki, "Unaionaje barua yangu?", heshima itamlazimu ajibu kwamba ni nzuri, au atasahihisha nukta na mkato ili aonekane amesaidia. Sisi tulimwomba asome mara moja kwa kasi yake ya kawaida, arudishe karatasi, kisha atueleze kwa maneno yake mwandishi ni nani, kimetokea nini, na anataka nani afanye nini. Hatukumsomea kwa sauti, kwa sababu sauti ya mwenye barua hueleza mambo ambayo karatasi haina. Karatasi nayo lazima irudi mkononi mwako kabla hajaanza kusimulia, vinginevyo atakusomea maneno yako yale yale na hutajua kama ameyaelewa.

Jibu lake lilikuwa hili: "Huyu dada ni mfanyakazi wa siku nyingi, anaomba asaidiwe, nadhani aongezewe mshahara au abadilishiwe zamu. Kuna mtu alimwahidi, sijui nani. Halafu kuna mhasibu ambaye naye saa zake hazijalipwa."

Hapo ndipo penye kazi ngumu kuliko zote, nayo ni kunyamaza. Binamu yangu alikwishafungua mdomo kusema, "Hapana, nilimaanisha...", nikamzuia. Ukishamweleza msomaji ulichokusudia, umempoteza, kwani kuanzia hapo atakiona hata kama hakimo. Andika maneno yake kama alivyoyatamka, hata yale yanayokuudhi. Kama unahitaji kuuliza, uliza swali lisilo na jibu ndani yake, kwa mfano, "Ni wapi ulipopata wazo la zamu?"

Maelezo yale mafupi yalituonyesha mahali pa kurekebisha. Mhasibu aligeuka kuwa mdai kwa sababu katika sentensi ile "saa zake" zinaweza kuwa za msimamizi, za mhasibu au za mtu mwingine, na binamu yangu, ambaye ndiye mwenye saa, hatajwi kabisa. Aliyeahidi hakujulikana kwa sababu "niliahidiwa" haihitaji kumtaja mtu, nasi tunaipenda sana kauli hiyo kwenye barua rasmi kwa kuwa ina adabu. Lakini meneja akitaka kuhakikisha jambo, lazima ajue amwite nani. Kuhusu nyongeza ya mshahara, rafiki aliibuni kwa sababu barua iliomba huruma bila kutaja kinachoombwa. Sikumlaumu hata kidogo. Kiasi cha fedha hakukitaja kabisa, ingawa alikuwa ameifungua karatasi ya pili, na kwangu jambo ambalo msomaji amelisahau dakika moja baada ya kusoma ni sawa na jambo ambalo halikuandikwa.

Barua ilipoandikwa upya, kichwa kilikuwa "YAH: MADAI YA MALIPO YA SAA ZA ZIADA, MACHI HADI MEI", na aya ya kwanza ikabeba dai lenyewe:

"Ninadai shilingi 360,000, ambazo ni malipo ya saa 120 za ziada nilizofanya kazi stoo kati ya Machi na Mei. Msimamizi wa stoo ndiye aliyeniagiza nibaki, na ndiye aliyeniahidi kwamba nitalipwa. Saa zangu zote aliziandika kwenye daftari la stoo. Naomba nilipwe pamoja na mshahara wa mwezi huu, au nijibiwe kwa maandishi kabla ya tarehe ya mshahara."

Aya ya pili ikaonyesha hesabu. Mshahara wake ni shilingi 390,000 kwa mwezi kwa wiki ya saa 45. Ukigawanya kwa 4.333 kupata wiki, kisha kwa 45, unapata takriban shilingi 2,000 kwa saa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka saa ya ziada ilipwe si chini ya mara moja na nusu, yaani shilingi 3,000.

Hesabu hiyo fundi cherehani hakuweza kuithibitisha, wala hatukumtarajia aithibitishe. Msomaji wa aina hii anakuambia barua inasema nini, hakuambii kama unalosema ni haki yako. Kwa hilo nenda kwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi au mwanasheria, na usichelewe, kwa kuwa mgogoro wa malipo unatakiwa kufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu ulipotokea. Zoezi hili la kusomewa linamalizika jioni moja, usiligeuze kuwa la wiki tatu.

Barua mpya hatukumrudishia rafiki yule yule, kwani sasa alikuwa anakijua kisa. Tulimpa mwingine, shemeji wa jirani. Tulimpa nakala ya karatasi yenye jina la kampuni lililofunikwa, na tukaichukua alipomaliza. Kutuma picha kwa simu ni rahisi zaidi, lakini picha ya barua yenye mshahara wako hubaki kwenye simu ya mtu na usijue itafika wapi.

Huyu wa pili alisema, "Anadai shilingi 360,000 za saa za ziada, msimamizi wa stoo ndiye aliyemwagiza, na anataka kulipwa mwezi huu au ajibiwe kwa maandishi." Kisha akaongeza, bila kuulizwa, "Ila mimi ningekuwa bosi ningesema sijaliona hilo daftari." Kesho yake binamu yangu alitoa nakala za kurasa za daftari zilizotiwa saini na msimamizi, akaziambatisha, na kwenye sentensi ya daftari akaongeza maneno "nakala zimeambatishwa".