Slesi nene, mkate wa boflo na chapati ya mama ntilie: tunahesabuje?

*"Mkate nakata mwenyewe kwa kisu, slesi nyingine nyembamba, nyingine nene kweli. Programu ya simu inaandika slesi moja ni kalori 80. Niifuate?" (Msomaji, Morogoro)*

Acha slesi, hesabu gramu. Gramu 100 za mkate mweupe wa kawaida zina takribani kalori 265, wanga gramu 49, protini gramu 9 na mafuta gramu 3. Slesi ya kalori 80 ni ile ya gramu 30 hivi, nyembamba, iliyokatwa na mashine. Ya kisu, yenye unene wa kidole gumba, hufika gramu 55 bila shida, na hapo umekula kalori 146 na wanga gramu 27. Kula mbili za hivyo na chai, ni karibu slesi nne za programu yako.

Kama huna mizani ya jikoni, tazama uzito ulioandikwa kwenye mfuko. Mkate wa gramu 400 ukitoa slesi kumi zinazolingana, kila moja ni gramu 40. Vichwa vya mkate viache nje ya hesabu hiyo, kwa kuwa haviendi sawa na slesi za kati.

*"Mkate nikiubanika kalori zinapungua?" (Msomaji, Nakuru)*

Hazipungui. Kinachotoka ni maji. Slesi ya gramu 40 inaweza kutoka kwenye moto ikiwa na gramu 34, lakini wanga wake bado ni ule ule. Pima kabla ya kubanika.

*"Mwanangu anachoma insulini. Asubuhi anakula mkate wa boflo wa dukani, hauna lebo, na leo mkubwa kesho mdogo. Wanga wake nitaujuaje?" (Mama, Tanga)*

Dada, pima mkate wenyewe, kisha chukua nusu ya uzito. Boflo ni unga wa ngano, maji, hamira na chumvi, na pengine sukari kidogo. Ukishaiva na sehemu ya maji kukauka, katika kila gramu 100 unabaki na unga gramu 65 hadi 70, na robo tatu ya unga huo ni wanga. Ndiyo maana jibu linaangukia karibu na 50. Boflo ya gramu 90 ina wanga gramu 45, na ya gramu 120 ina gramu 60. Tofauti hiyo ya gramu 15 si ndogo kwa mtoto anayechoma sindano kwa kufuata chakula.

Jicho hapa halifai kabisa. Boflo iliyoumuka vizuri inaweza kuonekana kubwa kuliko iliyoshikana, kumbe ni nyepesi. Na akibakisha, pima kilichobaki ukitoe.

Nusu ya uzito ni makadirio. Kama sukari yake saa mbili baada ya kifungua kinywa kile kile inapanda au kushuka mara kwa mara, andika uzito wa mkate, kipimo cha sukari na dozi, upeleke kliniki. Dozi usiibadilishe peke yako.

*"Na skonzi?" (Msomaji, Dodoma)*

Wanga wake nao huwa karibu nusu ya uzito, mara nyingi juu kidogo kwa sababu ya sukari. Mafuta ndiyo hubadilika kutoka kwa mwokaji mmoja hadi mwingine, kwa hiyo kalori zake ziongeze kidogo juu ya za mkate mweupe.

*"Chapati ya mama ntilie ina kalori ngapi? Kila mtu ananipa namba yake." (Msomaji, Dar es Salaam)*

Kila mtu anaweza kuwa sahihi, maana kila mpishi ana mkono wake wa mafuta. Muulize maswali mawili: kilo moja ya unga inatoa chapati ngapi, na anatumia mafuta kiasi gani kuanzia kukanda hadi kuchoma.

Tuseme amejibu chapati 12, na mafuta gramu 100. Kilo ya unga mweupe ni takribani kalori 3,600, na mafuta hayo ni 900. Jumla 4,500, gawa kwa 12: kalori 375 kila chapati, wanga gramu 63, protini gramu 8 na mafuta gramu 9. Akitumia mafuta gramu 200, wanga haubadiliki, ila kalori zinafika 450. Hapo mizani haitakusaidia sana, kwa sababu haitenganishi maji na mafuta. Asipokumbuka kiasi cha mafuta, iweke chapati juu ya karatasi kavu: ikiacha doa pana lililolowa, tumia hesabu ya 450.

Akikwambia kilo inatoa chapati 16, gawa upya kwa 16. Namba ya 12 usiihamishie kwa mpishi mwingine.