Usilipie Msingi Uliokwisha Kufukiwa

Nilijenga nyumba ya vyumba viwili upande wa Ahero, nje ya Kisumu, huku mimi nafanya kazi Nakuru. Fundi nilimchagua kwa picha za simu. Nyumba zake zilikuwa nzuri kweli, ila zote ziko Nakuru. Uwanda wa Kano una udongo ule mweusi unaong'ang'ania gumbuti: mvua ikinyesha unavimba, jua likiwaka unapasuka. Nyumba iliyokaa juu yake hupanda na kushuka nao.

Kwa hivyo mwambie fundi akupeleke kwenye nyumba aliyojenga juu ya udongo kama huo, iliyokwisha kupitia masika mara mbili. Achana na rangi, kagua pembe za madirisha. Ufa unaoanzia hapo na kushuka kwa mshazari ni dalili ya msingi unaosogea. Vile vyufa vya plasta vyembamba kama unywele havinisumbui.

Wiki ya pili nililetewa picha ya kozi mbili za mawe, zimenyooka kama rula. Nikatuma elfu 30 za msingi kwa M-Pesa. Jumamosi nilipofika, mzee jirani akaniuliza, "Kijana wangu, walifika kwenye maram?"

Sikujua kama walifikia ule udongo mgumu ulio chini ya mweusi. Tukachimba shimo kwenye kona, tukashuka hadi chini ya zege ya msingi, nikapiga mtaimbo. Ukazama kama mwiko kwenye ugali. Walikuwa wamechimba futi 3. Maram tuliikuta futi 5 na kidogo, na hapo mtaimbo ulilia na kurudi. Kozi zikabomolewa. Mawe mengi yaliokolewa, simiti ikapotea yote, na leba ya kuchimba upya tuligawana baada ya maneno makali. (Maram ikiwa mbali zaidi ya hapo, tafuta injinia kabla ya kuendelea, fundi pekee hatoshi.)

Tuliandika mapatano upya. Leba yote ilikuwa elfu 180, na kila awamu inalipwa nikishaona kitu kabla hakijafunikwa: mtaro ukiwa wazi, kisha vyuma kabla ya zege. Elfu 15 zikabaki mkononi mwangu hadi masika yapite.

Siku moja kabla ya kumwaga slebu nilitokea bila kupiga simu. Wavu wa chuma ulikuwa umelala juu ya karatasi ya nailoni. "Tutauvuta kwa jembe tukimwaga," wakasema. Hauvutiki sawasawa, watu wanaukanyaga, unarudi chini, na huko hauzuii ufa wa juu. Tukauinua juu ya vipande vidogo vya zege, ndipo wakamwaga asubuhi. Kwa siku saba binti wa jirani aliimwagia maji, nikamlipa.

Mwezi wa Mei mlango wa jikoni ulianza kukwama. Nilikimbilia pembe za madirisha kwanza: hakuna ufa, mbao tu imevimba. Fundi alikuja na randa, akaukwangua, na jioni hiyo nikamtumia elfu 15 zake.