Pesa ya korosho tunaigawa kuanzia Agosti

Kwetu Newala pesa ya korosho huingia benki baada ya mnada, kuanzia Oktoba hadi kama Januari, kisha basi mpaka msimu mwingine. Wengi huigawa kuanzia siku inapoingia: madeni, nguo, mabati. Nyumbani kwangu tunaanza na Agosti. Mwezi huo mikorosho ina maua, salfa inapulizwa, mfukoni hamna kitu, na ndipo mtu wa kangomba anapopita. Anakupa 100,000, utamlipa kilo 100 msimu ukifunguliwa. Mnada ukitoa 2,000 kwa kilo, umerudisha 200,000 ndani ya miezi mitatu. Biashara hiyo imepigwa marufuku, ila inafanyika usiku na kila mtu anazijua nyumba zenyewe.

Kwa hiyo tunakisia kilo kwanza, kwa kuangalia misimu iliyopita, halafu tunazidisha kwa bei ya chini tunayoikumbuka, baada ya kutoa makato ya ushuru, chama cha msingi na usafiri. Tuseme kilo 1,200 kwa 2,000 mkononi: 2,400,000. Bei ikipanda hatugusi mgawo. Kinachozidi ndicho cha mabati.

Fungu la kwanza ni la shamba, 450,000: palizi ya Juni, mpulizaji, petroli ya bomba. Hata salfa ikija kwa ruzuku, mpulizaji hadai ruzuku, anadai hela yake. Fungu hili tunaliweka benki kwa muda maalum wa miezi sita kuanzia Desemba, ili lifunguke Juni. Likikaa kwenye simu litaliwa na misiba na michango ya harusi, nami sijui namna ya kumnyima shemeji.

Pili ni chakula. Mahindi yetu hukata Januari, na kuanzia hapo bei sokoni hupanda hadi mavuno mapya. Tunanunua magunia 3 mapema Desemba, kama 270,000, na kuyahifadhi kwenye mifuko ya kuzuia dumuzi. Sare, madaftari na michango ya shule ya Januari ni 300,000.

Inabaki 1,380,000. Tunatenga 80,000 kwa kila mwezi, 960,000 kwa mwaka, kwa sabuni, mafuta, dagaa na nauli. Mke wangu ndiye anayetoa, tarehe moja ya mwezi, na ikiisha tarehe 20 tunakula mihogo. Zinazobaki, 420,000, ni za hospitali na za mnada kuchelewa. Msimu wa 2018/2019 wengi walisubiri malipo kwa miezi, na waliokuwa wamekopa kwa kutegemea Desemba walipata shida kubwa.

Kama una deni la kangomba tayari, lilipe kabla ya kugawa chochote, kwa pesa taslimu ukiweza kuelewana naye, maana kilo ndizo zinazokuumiza. Mwaka huo punguza fungu la mwezi, usipunguze palizi. Mkorosho usiopaliliwa wala kupulizwa hupatwa na ugonjwa wa ubwiriunga, na maua yakianguka hakuna mnada utakaokusaidia.